Feza ya kurudishwa: releve njo inasema, hapana mesaje ya telefone

Tangu mishahara ya mugodi inapita ku banki, wafanyakazi wengi wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi wanalipa na karte. Kulipa ni rahisi: unaingiza karte mu masini, unatia nambari za siri, feza inaondoka. Matata inaanza siku kitu chenye ulinunua kinarudi ku magazeni na feza inapaswa kurudi ku karte. Pale wengi wanashika neno la kesiye, "itarudi tu, papa", na wanaenda nyumbani. Kisha miezi mbili wanakuja ku sendika kuuliza feza iko wapi, na mu mukono hawana hata karatasi moja.

Sisi tunasema hivi: feza haijarudi mpaka ionekane ku releve ya banki, kwa kiasi chenye mulipatana, na mbele ya siku za malalamiko kuisha. Mesaje ya telefone yenye kusema "solde" yako ni kiasi fulani haitoshi. Kama mushahara uliingia siku ile ile, ao kama muke alitosha feza ku masini, ile hesabu moja haionyeshe kama feza ya magazeni imo ao haimo. Releve inaonyesha kila operesheni ku mustari yake, na kila mustari una tarehe yake.

Tuanze na kitu chenye watu wengi hawajui. Wakati magazeni inakurudishia feza, si ile operesheni ya kwanza njo inarudi nyuma. Kesiye anapaswa kufanya operesheni ingine, mupya, ku masini. Ile operesheni inatoka ku magazeni, inapita ku banki ya magazeni, inapita ku Visa ao Mastercard kufwatana na alama ya karte, na mwisho inafika ku banki yako, yenye kuiandika ku konti yako. Kama kesiye hakugusa masini, hakuna kitu chenye kiko mu njia, hata kama meneja alikuahidi mbele ya watu kumi. Kwa hiyo usitoke mu magazeni bila tike, ile karatasi kidogo yenye masini inatosha.

Na ile tike uisome. Kama imeandikwa "ANNULATION", maana yake walifuta malipo mbele haijatumwa kabisa ku banki, mara nyingi siku ile ile ya kununua. Pale usingojee mustari ya feza kuingia ku releve, sababu mara mingi haitakuja: banki inaachilia tu ile feza yenye ilikuwa imefunga, na malipo yenyewe hayaandikwe. Kama ku releve hauoni kutoka wala kuingia, mambo iko sawa. Lakini kama imeandikwa "REMBOURSEMENT" ao "CREDIT", lazima ku releve uone mistari mbili: moja ya kutoka, ku upande wa "Débit", na moja ya kuingia, ku upande wa "Crédit". Kama uko na tike ya "ANNULATION" na releve inaonyesha "Débit" tu, feza yako iliondoka na hawajaifuta. Utaenda ku banki na ile tike.

Sasa tuchukue mufano na tuuhesabu pamoja. Mwenzetu mumoja wa mugodi alinunua frigo ku magazeni moja ya muji. Konti yake iko ya dola, lakini masini ya magazeni ilimulipisha falanga za Kongo: 1.200.000. Siku ile banki yake ilihesabu dola moja kwa falanga 2.400, basi ku releve ilitoka dola 500, tarehe 4. Frigo haikupoza. Tarehe 12 aliirudisha, na meneja akakubali kurudisha feza. Tarehe 23 ku releve ilionekana "Crédit" ya dola 440. Dola 60 zimekosa. Mwenzetu alikasirika na akataka kwenda kupiga makelele ku banki.

Tulimwambia atoshe tike kwanza. Tike njo inagawanya mambo: yenye kukosa mbele ya tike ni neno la magazeni, yenye kukosa nyuma ya tike ni neno la banki. Tike ilikuwa na falanga 1.100.000, hapana 1.200.000. Maana yake magazeni ilishika falanga 100.000. Meneja alisema ni kwa ajili ya kusafirisha frigo kwenda na kurudi. Lakini siku ya kupatana hakusema ile neno, na ku fakture haikuandikwa. Pale mwenzetu alikuwa na haki ya kurudi ku magazeni na fakture mu mukono, na kuuliza falanga 100.000 zake.

Ile falanga 100.000 ni dola 40 tu. Dola 20 zingine zilienda wapi? Siku ya kurudisha, banki ilihesabu dola moja kwa falanga 2.500. Banki iko na bei mbili: moja ya wakati inachukua dola zako ili kulipa falanga, na ingine ya wakati inakurudishia dola kwa falanga zenye zimeingia. Tena bei inabadilika siku kwa siku. Hata kama magazeni ingerudisha falanga 1.200.000 kamili, ku releve ungeona dola 480, hapana 500. Hapa hakuna mwizi. Magazeni ilipaswa kurudisha falanga, na falanga njo inarudisha. Kama falanga ingepata nguvu mu zile siku, mwenzetu angeweza hata kupata zaidi ya dola 480. Komisioni ya kubadilisha feza, kama banki yako inaikata, mara mingi nayo hairudi, na utaikuta mu mustari yake peke.

Kwa hiyo, kuuliza kama feza ilirudi kamili, linganisha kwanza releve na tike mu feza ile ile yenye masini ilitumia. Kisha njo utalinganisha dola na dola. Na kama konti yako iko ya dola, mbele ya kutia nambari za siri, uangalie ku kioo cha masini kama imeandikwa "USD" ao "CDF". Uombe kesiye alipishe mu dola kama masini yake inaweza. Ile dakika moja ingemulindia mwenzetu dola 20.

Tuje ku wakati. Siku zinahesabiwa tangu tarehe ya tike ya kurudisha, hapana tangu siku yenye meneja aliahidi. Mara mingi feza inaonekana kisha siku tano mpaka kumi za kazi, lakini jumamosi, siku ya mungu na sikukuu zinaifanya ikawie. Ku releve utaona tarehe mbili: "Date opération" na "Date valeur". Usishangae kama hazifanane. Na kama tike ni ya mwisho wa mwezi, mustari wake unaweza kuwa ku releve ya mwezi wenye kufwata. Uangalie zote mbili mbele ya kulalamika.

Kama siku 15 zimepita tangu tarehe ya tike na hakuna mustari, pale sasa uende ku ajansi ya banki yako, hapana ku magazeni tu. Kwa karte ya Visa na ya Mastercard, banki inaweza kufungua malalamiko juu ya feza yenye magazeni ilikubali kurudisha na haijafika. Wanapaswa kungojea zile siku 15 kwanza, lakini mulango haubaki wazi milele: kuko siku 120. Kufwatana na kesi, wanaweza kuzihesabu tangu siku ya malipo ao tangu tarehe ya tike. Wewe ujihesabie tangu siku ya malipo, hautachelewa. Upeleke kopi ya tike, fakture, na releve yenye kuonyesha "Débit". Uombe pia magazeni ikupe nambari ya ARN. Ni nambari ya tarakimu 23 yenye banki ya magazeni iko nayo kwa kila operesheni ya kurudisha. Na ile nambari, banki yako inaweza kutafuta feza iko wapi. Kama magazeni inasema "tulishatuma" na kila siku inashindwa kutoa ile nambari, uanze kuwa na mashaka.

Kuko neno moja tena lenye linatugusa sisi wa mugodi. Wengi wako na karte ya kujaza feza mbele, yenye haina konti nyuma yake. Kama ile karte ilipotea ao muda wake uliisha, na uliitupa, feza inaweza kurudi ku nambari ya zamani na kubaki pale. Uchunge karte mpaka ile mustari ionekane. Na mu magazeni ulinganishe nambari ine za mwisho ku tike na zile za karte yako.

Siku 120 ni kama mingi, lakini mutu mwenye kulala ku kampi zamu kwa zamu anazimaliza bila kujua. Na wakati anangojea dola 500 zake, watoto wanafukuzwa ku masomo, na yeye anaenda kukopa ku banki lamberi, yenye kudai faida kubwa mwisho wa mwezi. Njo pale deni linazaliwa, juu ya feza yenye ilikuwa yake.

Kwa hiyo tunaomba vitu viwili. Banki zenye kubeba mishahara ya migodi zilete ku kampi releve ya karatasi, kila mwezi, bure, na mutu wa kupokea malalamiko pale pale. Mutu wa zamu hawezi kwenda muji saa ine ya asubui kushika mulolongo ku gishe. Na magazeni ziandike ku fakture, mbele ya mutu kulipa, kiasi gani zitashika kama kitu kinarudi. Kama haiandikwe, wasiishike. Delege wa kila ekipe ataanza mwezi huu kukusanya kopi za tike na releve zenye hazipatane. Wenye wako na tike ya zaidi ya siku 15 bila mustari ku releve, muzilete kwanza, sababu zenu njo ziko karibu kufungiwa mulango.