TUACHE KELELE ZA "FEKI": KICHWA CHA MTOTO KUHAMISHWA SIO DHAMBI, DHAMBI NI KAZI MBOVU

Wadau, wiki nzima hii mtandaoni ni picha ya Iddi ya yule msanii wetu na familia yake. Watu tisa barazani, wamependeza balaa. Shida ni kijana wa mwisho, miaka minne hivi. Watu wameivuta picha mpaka shingoni kwake, wakakuta mstari. Basi imekuwa "feki, feki" mpaka leo, na mama mtu anatukanwa eti anatuuzia familia ya kutengeneza.

Mimi kazi yangu ni studio, hapa hapa mjini, kwa hiyo niacheni niseme. Mnamtukana mtu asiyehusika.

Ukipiga picha ya watu tisa na mmoja wao ana miaka minne, kuna fremu bibi kafumba macho, kuna fremu baba anaongea, na ile moja ambayo wote wako poa, dogo kageuka anaangalia paka. Ufanyeje? Umpigie makelele mpaka alie? Kuchukua kichwa chake kwenye fremu iliyopigwa sekunde tatu baadaye sio uongo. Ni yeye yule, kanzu ile ile, baraza lile lile.

Ila kuna namna ya kufanya. Kamera inakaa kwenye stendi na haiguswi. Mwanga na rangi unavifunga kwa mkono, usiiachie kamera ijipangie, halafu unapiga fremu nane au kumi mfululizo. Ukifika kwenye kompyuta unachagua fremu ya msingi, ile wengi wametoka vizuri. Ya kuazima kichwa usiichague kwa tabasamu. Angalia mabega kwanza. Kama mabega ya dogo yamekaa sawa kwenye fremu zote mbili, kichwa kitakubali.

Kwenye Photoshop unaziweka fremu mbili kwenye faili moja, ya kuazima juu. Unazichagua zote, unaenda `Edit > Auto-Align Layers` zikae sawasawa. Kisha unaificha ya juu kwa `Layer > Layer Mask > Hide All`, unachukua brashi laini nyeupe, unapaka pale kwenye kichwa tu, na uso mpya unatokea.

Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanakata kwa kufuata nywele na kidevu, kama mtu anakata karatasi kwa mkasi. Usifanye hivyo. Chukua kichwa pamoja na kipande cha ukuta nyuma yake, na shingo yote mpaka chini ya kola. Ukuta haujasogea, kwa hiyo maungio yakipita ukutani na kwenye kitambaa, hakuna jicho litakaloyaona. Yakipita kwenye ngozi ya shingo, kila mtu atayaona.

Sasa rudini kwenye picha ya msanii. Mstari uko shingoni, maana yake alikata kidevuni. Kivuli cha pua ya dogo kinaangukia kushoto, cha wenzake wote kulia. Na kichwa chake ni kikubwa kuliko kichwa cha dada yake wa miaka kumi. Hicho kichwa hakikutoka fremu ya jirani. Kimetoka sehemu nyingine, mtoto akiwa karibu na kamera na jua likiwa upande mwingine. Mpiga picha hakupiga fremu za kutosha, akaokoteza. Wa kulaumiwa ni huyo, sio mama.

Na dogo akigeuka mwili mzima? Hapo kichwa peke yake hakiwezi kukaa, utapata mtoto aliyevunjika shingo. Hamisha mtoto mzima na mikono yake, au iache picha ilivyo.

Najua kuna watakaonitajia ile picha ya Kate, mke wa William, na watoto wao, Machi 2024. Mashirika makubwa ya habari yaliiondoa baada ya mkono wa sweta la binti yao kuonekana haukuungana vizuri, na Kate mwenyewe akaomba radhi. Sawa, lakini ile ilitumwa kwenye vyombo vya habari, na picha ya habari haiguswi. Hii ya Iddi ni ya kutundika sebuleni.

Kitu kimoja tu nawadai wapiga picha wenzangu: mteja mpe zote mbili, iliyorekebishwa na ile ya dogo anaangalia paka. Mwaka juzi tulipiga ya kwetu, nikabadilisha kichwa cha mpwa wangu. Bibi hayupo tena, ile fremu hairudiwi. Iliyorekebishwa iko ukutani. Ya paka ndiyo mama anayoiomba kila siku kwenye simu yangu.

Wewe mdau, ungetundika ipi?