Suruali ya Kiuno cha Juu Si ya Kila Mtu, Acheni Kutudanganya

Wasee, kuna uongo mmoja unarudiwa kwa kila video ya nguo: ati suruali ya kiuno cha juu inampendeza kila mtu kwa sababu inarefusha miguu. Sawa. Na mwenye miguu tayari mirefu? Yeye anarefushwa aende wapi?

Mimi niko hiyo timu. Miguu mirefu, kiwiliwili kifupi. Kila picha yangu ilikuwa kichwa, kifua, halafu suruali. Nikadhani mwili wangu ndio una shida, kumbe shida ilikuwa inchi mbili za kitambaa.

Kwanza jua kiuno chako kiko wapi. Funga lastiki tumboni, halafu inama upande. Itateleza ikae pale mwili unakunjika. Hapo ndio kiuno, si pale mkanda umezoea kukaa. Sasa weka vidole kati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga. Kama vinaingia viwili tu, kiwiliwili chako ni kifupi.

Halafu chukua futi ya fundi. Pima mbele, kutoka msamba hadi kwa lastiki. Mimi napata inchi 10. Sasa laza suruali, pima kutoka pale mishono ya msamba inakutana hadi juu ya mkanda. Jinzi yangu ya "kupendeza kila mtu" ilikuwa 12. Yaani mkanda unapita kiuno kwa inchi mbili na kukalia mbavu. Ukikaa chini inakudunga, na shati haionekani.

Nikaenda Gikomba nikatafuta ya inchi 9. Inakaa inchi moja chini ya lastiki. Ghafla shati imepata inchi tatu zaidi za kuonekana, na miguu bado ni mirefu. Haijaenda mahali.

Na usijidanganye ati utaishusha tu ile ya juu. Ukiivuta chini, msamba unaning'inia na mapaja yanasuguana na mshono. Fundi naye akikata sehemu ya juu, tundu linabaki pana, kwa sababu nyonga ni pana kuliko kiuno. Lazima apunguze pande zote na ashone mkanda upya. Hiyo pesa ongeza ununue ingine.

Pia usikimbilie ya chini kabisa. Kabla ulipe, chuchumaa hapo hapo kwa kibanda. Mgongo ukibaki wazi, rudisha, hata kama ni kamera.

Wenye kiwiliwili kirefu na miguu mifupi, endeleeni na kiuno cha juu, iliwafaa tangu mwanzo. Lakini mkome kutuuzia dawa ya ugonjwa wenu. Sisi wengine tuko na lastiki, tuko na futi, na tumejua si mwili uliokosea.