"Mjomba, Huko Mjini Kuna Kazi Gani?"

Mzee mmoja wa Temeke ametuletea barua ya mpwawe, aliyemaliza kidato cha nne kijijini wilayani Kilwa. Baada ya shikamoo na salamu za mama, kijana anauliza: "Mjomba, huko mjini kuna kazi gani? Wenzangu wanasema pikipiki ya mkataba haitaki cheti cha shule, na baada ya mwaka inakuwa yako. Je, ni kweli?" Mzee ameomba tumsaidie kumjibu.

Ni kweli, ila yafaa apige hesabu kabla ya kupanda basi. Tuchukulie mwenye pikipiki anadai shilingi 10,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa miezi 12. Kijana atakuwa amelipa 3,120,000. Akipata 25,000 kwa siku na kutia petroli ya 8,000, baada ya hesabu ya tajiri atabakiwa na 7,000. Humo mna chakula, chumba, oili na tairi. Akiugua siku nne, deni ni 40,000. Akilipunguza kwa 2,000 kila siku, litakwisha baada ya siku ishirini za kazi.

Hatari kubwa iko mwishoni. Kadi ya pikipiki hubaki na tajiri hadi malipo yakamilike. Wapo walionyang'anywa chombo mwezi wa kumi kwa malimbikizo ya siku chache, na yote waliyokwisha kulipa yakapotea. Kwa mfano wetu, hizo zinakaribia 2,600,000. Kwa hiyo mkataba uandikwe, ushuhudiwe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na useme wazi: akichelewa, anapewa siku ngapi? Chombo kikichukuliwa, alicholipa kinahesabiwaje? Bima na matengenezo makubwa ni ya nani? Kila malipo yatiwe saini kwenye daftari, au yatumwe kwa simu ili ujumbe wake ubaki. Tajiri anayesema "tuaminiane tu" aachwe. Hata sheria yetu ya Kiislamu imetuagiza kuandikiana madeni.

Tena, kijana asiyejua njia za mjini hafikishi hiyo 25,000. Kwanza apate leseni ya udereva wa pikipiki, kisha aanze kama deiwaka: anaendesha chombo cha mwenzake siku mwenyewe anapopumzika, na kumpelekea hesabu ya siku hiyo tu. Miezi miwili ya namna hiyo itamfundisha mitaa, na itamwonyesha kijiwe kinaingiza kiasi gani hasa, maana mwenye kijiwe chenye abiria wachache hawezi mkataba wa 10,000 hata akikesha. Wenye kijiwe nao watakuwa wamemfahamu, kwani hawapokei mtu asiye na wa kumdhamini.

Mzee, ukimwandikia, mweleze pia kama unayo nafasi ya kumlaza kwa miezi hiyo miwili. Hakuliuliza hilo, pengine kwa haya, lakini ndilo litakaloamua kama aje sasa au asubiri.