Usisahihishe daftari la bibi

Likizo iliyopita bibi alinipa daftari lake la namba, jalada limeshikiliwa na selotepu, akasema, "Mjukuu wangu, niingizie hawa watu kwenye simu." Nilimaliza kwa saa mbili nikajiona mjanja. Wiki tatu baadaye tukapata msiba. Mdogo wake wa Korogwe hakupatikana: namba niliyoingiza ilipokelewa na kijana asiyemjua bibi wala Korogwe.

Tarakimu ya mwisho ilikuwa imeandikwa juu ya nyingine. Ilikuwa 1 iliyogeuzwa 7, au 7 iliyogeuzwa 1. Nilichagua 1, nikaendelea. Kosa langu halikuwa kushindwa kusoma. Kosa lilikuwa kuficha kwamba sina uhakika.

Sisi wasomi tukipewa kazi hii tunajifanya wahariri. Mimi nasema nakili kwanza, amua baadaye. Andika kilichopo kwenye karatasi, na penye shaka weka alama ya kuuliza pamoja na tarakimu zote mbili zinazowezekana. Kisha linganisha na mwandiko wa mwenyewe. Niliporudi kwenye ule ukurasa niliona kila 7 ya bibi ina kijistari katikati, na kijistari kilikuwepo kwa wino mweusi juu ya bluu. Basi 7 ndiyo iliyokuja baadaye.

Hapo bado hujathibitisha. Anza kama unatuma pesa kwa simu, jina la mwenye laini litokee, halafu ghairi. Ila jina kutofanana si ushahidi kwamba namba ni mbovu, maana wazee wengi laini zao zimesajiliwa kwa majina ya watoto. Ya Korogwe ilileta jina la kiume. Bibi akacheka: "Huyo mwanawe wa pili."

Majina ya utani nayo usiyaguse. Nilimgeuza "Mama Uji" kuwa jina lake la kanisani, bibi akamtafuta wee asimwone. Mwenye namba tatu mwekee zote tatu, kwa mpangilio wa daftari, hata iliyokatwa mstari. Bibi alikuwa anakata namba ya mtu aliyegombana naye, wakishapatana anaitumia tena. Ningejuaje bila kumuuliza?

Ukipitishia kwenye kompyuta, badili safu ya namba iwe Text kabla ya kuandika chochote, la sivyo Excel itakula sifuri ya mwanzo. Utajua kwa kuhesabu: namba ya simu ya hapa kwetu ina tarakimu kumi, ukiona tisa ujue imeliwa.

Mdogo wake bibi alifika siku ya tatu, tumeshazika. Hakunilaumu. Alikaa mkekani akauliza tu mbona hakupigiwa. Daftari lile lilikuwa sahihi muda wote, aliyekosea ni mimi niliyelisafisha.