Kondori Kabla ya Tarehe Kubwa

MIZANI YA SOKO
Na Salim Mwinyihaji

Katika wiki ya nne ya Oktoba 2024, faharisi ya S&P 500 ya New York ilikuwa kama imelala. Jumatatu ya tarehe 21 ilifunga 5,854, na Ijumaa ya tarehe 25 ikafunga 5,808. Jumatano ilishuka kwa karibu asilimia moja. Siku zilizobaki ilisogea pointi tatu, kumi na mbili, mbili. Hata hivyo VIX, kipimo cha mtikisiko ambao wanunuzi wa opsheni wanaulipia kwa siku 30 zijazo, ilimaliza wiki ikiwa juu kidogo ya 20. Ukigawa 20 kwa 16, ambacho ni karibu kipeuo cha pili cha siku 252 za biashara katika mwaka, unapata asilimia 1.25. Kwa maneno mengine, wanunuzi walikuwa wanalipia siku ambazo faharisi inaweza kusogea pointi 70 bila mtu kushtuka.

Pengo kati ya mtikisiko unaolipiwa na ule unaoonekana ndilo linalowavuta watu kwenye kondori. Kwa asiyeifahamu: unauza koli, yaani haki ya kununua, kwa bei iliyo juu ya soko, na unauza puti, yaani haki ya kuuza, kwa bei iliyo chini ya soko. Kisha unanunua koli ya juu zaidi na puti ya chini zaidi, ili hasara iwe na kikomo. Hizo mbili za kununua ndizo mabawa. Soko likibaki katikati hadi mikataba iishe, premiamu uliyopokea yote ni yako. Likitoka nje ya mabawa upande wowote, unalipa upana wa bawa moja ukitoa ile premiamu.

Msomaji mmoja wa safu hii, anayefanya biashara kutoka Mombasa kupitia dalali wa ng'ambo, aliniuliza kama pengo la namna hiyo si sababu tosha ya kuongeza idadi ya mikataba. Hoja yake inaeleweka: premiamu ni nono, soko limetulia, basi uwezekano wa kushinda ni mkubwa kuliko bei zinavyosema. Mimi naona kinyume chake. Pengo likiwa kubwa kwa sababu ya tarehe inayojulikana, ndipo mikataba inapotakiwa kupungua.

Tarehe yenyewe ilikuwa 5 Novemba, uchaguzi wa rais wa Marekani. Kujua kama premiamu imepanda kwa sababu ya tarehe si kazi ngumu. Fungua orodha ya opsheni, linganisha mtikisiko uliomo kwenye bei za mikataba inayoisha siku moja au mbili kabla ya tukio na ile inayoisha siku moja au mbili baada yake. Ukiona umeruka ghafla kati ya hizo mbili, basi ziada unayolipwa ni ya usiku mmoja. Utulivu wa wiki iliyotangulia haukwambii chochote kuhusu usiku huo, kwa sababu wenye fedha kubwa wamekaa pembeni wakisubiri. Hali ni tofauti soko linapotulia baada ya kuporomoka, kama ilivyokuwa baada ya Aprili 2025 ambapo VIX ilifunga juu ya 50 kisha ikawa inashuka wiki baada ya wiki. Pale hofu inayeyuka polepole, na mtu hupata nafasi ya kurekebisha njiani. Hofu yenye tarehe hutoka kwa mruko.

Tuchukue mfano kwa XSP, opsheni za Cboe zinazofuata S&P 500 iliyogawanywa kwa kumi, maana mikataba ya faharisi kamili ni mizito kwa akaunti nyingi za kawaida. Ijumaa ile ya 25 Oktoba XSP ilikuwa 580.8. Tuseme tumeuza koli ya 605 na puti ya 545, tukanunua koli ya 610 na puti ya 540, zote zikiisha 29 Novemba, siku 35 mbele. Kila bawa lina upana wa pointi tano, na kila pointi ni dola 100. Kwa makadirio yangu, opsheni za kuuza zilikuwa na delta ya karibu 0.15 kila upande, na premiamu ya jumla tuiweke dola 120. Hasara kubwa kabisa ni 500 ukitoa 120, yaani dola 380.

Sasa ukubwa. Dalali atashikilia dola 380 kwa kila kondori kama dhamana. Mwenye akaunti ya dola 20,000 ataona kwenye skrini kwamba anaweza kufungua 52. Hakuna atakayefungua 52, lakini namba hiyo hufanya kumi zionekane chache, na kumi ni dola 3,800 zilizo hatarini, asilimia 19 ya akaunti, kwa tukio moja. Kanuni ninayoifuata ni kupima kwa hasara kubwa kabisa, si kwa dhamana wala kwa premiamu: isizidi asilimia mbili ya akaunti kwa tukio moja. Asilimia mbili ya 20,000 ni 400. Hiyo ni kondori moja. Na aliye na kondori nyingine kwenye Nasdaq au kwenye hisa za kampuni kubwa za Marekani azihesabu zote kama moja, kwa sababu matokeo ya uchaguzi yatazisukuma pamoja.

Watu husema hasara kamili hutokea kwa nadra, kwa hiyo kuihesabu yote ni woga. Piga hesabu. Ukishinda 120 na kupoteza 380, unahitaji kushinda mara 76 katika 100 ili usipate wala usipoteze, kabla ya ada. Delta mbili za 0.15 zinakuahidi kama mara 70 za kukaa katikati kabisa, na zilizobaki si zote zinafika kwenye bawa. Faida iliyopo ni nyembamba na inatokana na mtikisiko halisi kuwa mdogo kuliko unaolipiwa. Faida nyembamba haibebi mikataba kumi.

Premiamu ikiwa nono, itumie kusogeza opsheni zako mbali zaidi na soko, kisha uache dola zibaki zilezile. Kwa VIX ya 13 ungelazimika kusogea karibu sana ili upate 120. Kwa VIX ya 20 unaipata ukiwa mbali. Hilo ndilo punguzo unalopewa, na anayelitumia kuongeza idadi amelirudisha kwa soko.

Sababu ya kuweka uzito wote kwenye ukubwa ni kwamba marekebisho hayafanyi kazi kwenye mruko. Marekani ilikuwa imeshabadilisha saa tarehe 3 Novemba, kwa hiyo soko la New York lilikuwa linafunguliwa saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa za Afrika Mashariki. Mshindi wa uchaguzi alijulikana kwetu tarehe 6, saa kadhaa kabla ya soko kufunguliwa. Opsheni hizi huuzwa pia usiku wa Marekani, lakini wakati huo pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza hupanuka, na kutoka kwa haraka ni kulipa ghali. Siku hiyo S&P 500 ilifunga 5,929, ikiwa imepanda asilimia 2.5. VIX nayo ilianguka kutoka 20.5 hadi karibu 16.3.

Hapo pana jambo ambalo wengi hulipita haraka. Aliyeuza mtikisiko alikuwa sahihi, hofu ilitoka kwenye bei kwa siku moja. Lakini faharisi ilisogea kuelekea 605. Kwa hesabu yangu kondori ile ilikuwa na thamani ileile ya siku ilipouzwa, kama dola 115 hadi 120: puti zilikuwa karibu hazina kitu, na koli zilikuwa zimemeza faida yote. Mtu alikuwa sahihi kuhusu mtikisiko na hakulipwa hata senti.

Ijumaa ya tarehe 8 faharisi ilifunga 5,995, yaani XSP 599.5, na zilibaki siku 21. Kanuni mbili nilizonazo zilikutana siku hiyo. Ya kwanza: delta ya opsheni niliyoiuza ikifika 0.30, yaani imejiongeza mara mbili, ninatoka. Ya pili: zikibaki siku 21 ninatoka hata kama hakuna tatizo, kwa sababu kuanzia hapo kila pointi ya soko inaigusa kondori kwa nguvu zaidi kuliko siku zinazopita zinavyoilipa. Kufunga kondori nzima kungegharimu karibu dola 150, hasara ya dola 30. Ipo pia kanuni ya tatu, ya kufunga pindi nusu ya premiamu ikishaingia mfukoni, lakini safari hii haikupata nafasi.

Marekebisho ambayo watu wengi huyapenda ni mengine: kuacha koli, kisha kupandisha puti kutoka 545 hadi tuseme 575, ili kupata dola arobaini au hamsini za kufidia. Wanasema upande wa chini hauna hatari tena. Ninaukataa mtindo huu hasa baada ya tukio, kwa sababu VIX imeshaanguka. Puti za mwanzo uliziuza zikiwa ghali, hizi mpya unaziuza zikiwa rahisi, na umepunguza nafasi ya soko kupumua kwa nusu. Wiki moja baadaye, Ijumaa ya tarehe 15, S&P 500 ilifunga 5,870. XSP ikawa 587, pointi 12 tu juu ya puti mpya, wakati puti ya zamani ya 545 ingekuwa mbali, imesahaulika. Aliyerekebisha kwa namna hiyo alikuwa na pande mbili za kulinda badala ya upande mmoja. Wapo waliokwenda mbali zaidi wakaongeza idadi ya mikataba ili premiamu mpya itoshe kufidia. Huko sitamfuata mtu.

Kusogeza koli juu na mbele kwa mwezi mmoja kunakubalika kwangu kwa sharti moja: ungekuwa tayari kuifungua kondori hiyo mpya leo kama hukuwa na ya zamani. Kwa VIX ya 15, mara nyingi jibu ni hapana.

Msomaji wa Mombasa atanikumbusha kwamba tarehe 29 Novemba faharisi ilifunga 6,032. XSP ilikuwa 603.2, chini ya 605, na aliyekaa bila kugusa chochote alichukua dola zote 120 huku mimi nikihesabu hasara ya 30. Ni kweli. Alikuwa pointi 1.8 kutoka kwenye koli aliyoiuza. Faharisi ingepanda asilimia 1.1 zaidi, ingefika 610 na kumwondolea dola 380 kwa kila mkataba, na aliyekuwa na kumi angetoa 3,800.