Kikao cha Faragha Kikirekodiwa: Lini Rekodi Ifutwe, na Lini Isifutwe

Na Mwandishi Wetu

Vikao vingi vya ofisi za umma sasa hufanyika kwa njia ya mtandao, na mara nyingi mjumbe mmoja hubonyeza kitufe cha kurekodi ili kumrahisishia katibu kuandika muhtasari. Muhtasari huandikwa, husahihishwa na kusainiwa. Rekodi, ambayo kazi yake imekwisha, hubaki ilipo, ikiwa na sauti na sura za waliohudhuria na kila lililosemwa kabla mwenyekiti hajasema kwamba hilo lisiandikwe.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zinazomtambulisha mtu zisihifadhiwe kwa muda unaozidi mahitaji ya kusudi lililofanya zikusanywe. Kwa rekodi iliyokusudiwa kumsaidia katibu, kusudi hilo hukoma muhtasari unapothibitishwa.

Tuchukue mfano wa kamati ya nidhamu iliyokutana Machi 3 kwa kutumia Microsoft Teams, ambapo mtumishi alilazimika kueleza ugonjwa wake ili kutetea utoro kazini. Rekodi ya kikao cha aina hiyo huhifadhiwa katika akaunti ya OneDrive ya mwandaaji wa kikao, ndani ya folda iitwayo `Recordings`. Ofisi isipogusa mpangilio wowote, mfumo wenyewe huweka ukomo wa siku 120 tangu rekodi ilipoundwa. Msimamizi wa mfumo anaweza kuufupisha, kwa mfano hadi siku 60, kwa amri moja:

```
Set-CsTeamsMeetingPolicy -Identity Global -NewMeetingRecordingExpirationDays 60
```

Kwa mpangilio huo, rekodi ya Machi 3 hufikia ukomo Mei 2. Hata hivyo, siku hiyo haifutiki. Huhamishiwa kwenye kapu la taka la OneDrive, ambako inaweza kurejeshwa ndani ya siku 93. Kwa hiyo, maelezo ya ugonjwa wa mtumishi yule yatakuwa bado yanapatikana hadi Agosti 3, yaani siku 153 baada ya kikao. Ofisi inayowaambia wajumbe kwamba rekodi hufutwa baada ya siku 60 inasema nusu ya ukweli, hata kama haikukusudia.

Jambo la pili ndilo linalowakwaza wengi. Amri hiyo huhusu rekodi mpya pekee, kama neno `New` lililomo ndani yake linavyoashiria. Rekodi za jana huendelea na ukomo wake wa awali, na zile zilizoundwa kabla ya utaratibu huu wa ukomo kuanza hazina ukomo kabisa. Zote hizo zinahitaji mtu wa kuzifungua na kuziamulia moja baada ya nyingine. Njia ya kuzitambua ni kufungua folda husika na kutazama maelezo ya kila faili: yenye ukomo huonesha tarehe yake. Vilevile, mwenye faili anaweza kuiondolea ukomo, na nakala iliyopakuliwa kwenye kompyuta ya mjumbe au kwenye flashi haiguswi na mpangilio wowote wa mfumo. Kwa maoni ya mwandishi, kuzuia upakuaji kuna manufaa zaidi kuliko kubishana iwapo ukomo uwe siku 60 au 90.

Upo pia mpangilio mwingine, wa kuhifadhi, ambao una nguvu kuliko ukomo. Ofisi ikiwa imeagiza mafaili yote ya OneDrive yatunzwe kwa miaka saba, rekodi itatoweka machoni pa mtumiaji siku ya ukomo, lakini nakala itabaki mahali pasipoonekana naye hadi miaka hiyo iishe. Mtumishi ataamini imefutwa, kumbe ipo.

Hayo hayampi mtumishi wa umma ruhusa ya kufuta atakavyo. Rekodi iliyotengenezwa katika kazi ya Serikali ni kumbukumbu ya umma, na kwa mujibu wa Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, kumbukumbu za umma haziteketezwi bila idhini na utaratibu uliowekwa. Mahali sahihi pa kuamua siku 60 au 90 ni katika jedwali la kuhifadhi na kuteketeza kumbukumbu la ofisi husika, kisha mtaalamu wa TEHAMA aweke kwenye mfumo tarakimu iliyoidhinishwa. Mara nyingi hufanyika kinyume chake.

Turudi kwa kamati yetu. Ikiwa mtumishi yule amekata rufaa Aprili 20, rekodi haiwezi tena kuachwa ifikie ukomo wa Mei 2, kwa sababu imekuwa ushahidi, na huenda yeye mwenyewe ndiye atakayeihitaji. Katibu anapaswa kumwandikia msimamizi wa mfumo asitishe ufutaji wa faili hilo pekee, akitaja namba ya shauri na nani anayeruhusiwa kulifungua. Rufaa ikiisha, usitishaji huo nao uondolewe kwa maandishi.