Sumukuvu: jinsi uchunguzi wa mlipuko unavyofikia maagizo kwa wananchi

Wananchi wa kata ya Mwimbi, wilayani Kalambo, wanaishi kwa mahindi. Taarifa ya Serikali inapowataka wakulima wa Rukwa kukausha nafaka na kuihifadhi juu ya chaga, nyuma yake upo uchunguzi wa vifo vilivyotokea kwingine. Mfano ulio wazi ni wa nchini Kenya mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui.

Hospitali zilianza kupokea watu wenye manjano ya ghafla, na wengi wao walifariki. Hatua ya kwanza ilikuwa kuthibitisha kuwa wagonjwa walizidi idadi ya kawaida na kupima virusi vya homa ya ini, ambavyo havikuonekana kuwa chanzo.

Hatua ya pili ilikuwa kuamua nani ahesabiwe kuwa mgonjwa: mtu aliyepata manjano ya ghafla yasiyo na sababu inayojulikana. Bila kipimo hicho kimoja kwa wote, kila kituo kingehesabu kivyake. Hadi Julai 20 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walifariki.

Shaka iliangukia sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, kwa kuwa tukio kama hilo liliwahi kutokea Machakos mwaka 1981. Hata hivyo, shaka si ushahidi. Karibu kila kaya ilikula mahindi, hivyo kuwauliza wagonjwa peke yao kusingetosha. Wachunguzi waliwalinganisha wagonjwa 40 na watu wazima wa afya 80 wa vijiji hivyohivyo, wakapima mahindi ya pande zote mbili.

Mahindi ya kaya za wagonjwa yalikuwa na wastani wa sumu wa sehemu 355 kwa kila bilioni. Ya kaya zisizo na wagonjwa, 44. Aidha, kaya za wagonjwa zilielekea zaidi kuweka mahindi mabichi ndani ya nyumba.

Matokeo hayo yaliongoza maagizo. Tofauti ya karibu mara nane ilikiunga mkono chanzo kilichoshukiwa, na unyevunyevu ukaonyesha pa kuzuia: kukausha na kuhifadhi vizuri. Lakini wastani wa 44 nao ulivuka kikomo cha Kenya cha wakati huo, yaani 20. Kwa hiyo kuondoa mahindi ya kaya zenye wagonjwa pekee kusingetosha; ilibidi kukagua nafaka za eneo zima na kugawa chakula salama.

Tanzania ilikumbwa na mlipuko wa sumukuvu mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa kuwa kupika hakuiondoi sumu hiyo, mkulima wa Mwimbi huikinga familia yake kabla gunia halijafungwa.